Barua ya bima inapouliza: "Mbona hukusema?"

Barua yenyewe huwa fupi. Inataja namba ya mkataba, inanukuu swali moja la fomu ya maombi pamoja na jibu lako, kisha inasema kampuni imepata taarifa inayopingana na jibu hilo, hivyo ujieleze kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Wengi wakifika hapo huona bima imeshakwenda. Bado. Kampuni inayojua kazi yake huuliza kwanza, maana kufuta mkataba kwa kusikiliza upande mmoja ni kujitafutia kesi.

Tuseme fundi cherehani wa Morogoro alikata bima ya afya Machi 2023. Fomu iliuliza kama amewahi kuambiwa na daktari kuwa ana shinikizo la damu; jibu likawa hapana. Novemba akalazwa, na faili la hospitali likaandikwa: "Presha, miaka 3." Mstari huo ndio uliozaa barua.

Kinachopimwa hapa ni alichokijua siku aliyotia saini, na kama kampuni ingekijua ingekataa kumkatia bima au ingetoza ada kubwa zaidi. Daktari wa zamu huandika anachosikia, na mgonjwa aliye hoi anaweza kusema miaka 3 akimaanisha maumivu ya kichwa. Pengine alipimwa mara moja tu kwenye banda la maonyesho, ikasoma 145/92, akaambiwa arudie kupima. Kipimo kimoja cha namna hiyo kwa kawaida hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa. Ila kadi ya kliniki ikionyesha anakunywa vidonge vya presha tangu 2021, ile "hapana" haina mtetezi.

Halafu kuna wakala. Mara ngapi yeye ndiye aliyejaza fomu, akauliza maswali mawili matatu, akaweka "hapana" kwingine kote, mteja akatia saini? Saini hiyo inambana mteja, lakini kama alimwambia wakala kuhusu presha naye hakuiandika, aseme hivyo waziwazi na ataje shahidi kama yupo.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, aombe nakala ya fomu na ya ule ukurasa wa faili. Aende kliniki apate barua inayotaja tarehe ya kwanza aliyoambiwa ana presha. Majibu yafuate tarehe, bila kulalamika, na abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Asishangae pia kukuta maneno "kampuni inahifadhi haki zake zote", au ada yake ikisimamishwa kupokelewa. Kampuni ikiendelea kuchukua ada ilhali inajua kasoro, inaweza kuhesabiwa kuwa imeikubali.

Mkataba ukifutwa tangu mwanzo na hakukuwa na ulaghai, kwa kawaida ada alizolipa hurudishwa. Asiporidhika, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye atataka kuona barua zote mbili.