Gredi ya 4: Hisabati Ni Ile Ile, Lugha Ndiyo Iliyogeuka

Muhula wa kwanza wa Gredi ya 4 huwaduwaza wazazi wengi wa Pwani. Mtoto aliyezoea kuleta nyumbani daftari la Hisabati lililojaa alama za vema sasa analileta likiwa limechorwachorwa kwa wino mwekundu, na ukimuuliza amekosea wapi, hajui. Hapo ndipo shutuma za uvivu zinapoanza, au mwalimu wa tuisheni anatafutwa. Ngoja kwanza. Kabla ya kumgombeza mtoto au kutoa pesa, jua ni nini kilichogeuka darasani.

Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, mtoto wa Kenya afundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo, kisha kuanzia mwaka wa nne afundishwe kwa Kiingereza. Mtaala wa umilisi umeurithi mpaka huo. Mjini Mombasa na Lamu, lugha hiyo ya mahali ni Kiswahili, na ndivyo ilivyo katika shule nyingi za Kwale na Kilifi ambako watoto wa makabila tofauti wanasoma pamoja.

Mzazi anaweza kusema, "Lakini vitabu vya Hisabati vya mwanangu vilikuwa vya Kiingereza tangu Gredi ya 1." Ni kweli. Ila mwalimu alikuwa akisoma swali, kisha akilieleza kwa Kiswahili, na watoto walikuwa wakijibu lile walilolisikia kwake. Kitabu hawakukitegemea. Kuanzia Gredi ya 4 maelezo hayo yanapungua, maswali yanakuwa marefu, na yale masomo ya mazingira waliyoyafanya kwa mkupuo mmoja yanagawanyika kuwa Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Masomo ya Jamii, kila moja na istilahi zake. Kiswahili chenyewe kinabaki kuwa somo miongoni mwa masomo. Hata mtihani wa KPSEA wa mwisho wa Gredi ya 6 huulizwa kwa Kiingereza, isipokuwa karatasi ya Kiswahili.

Basi swali la kwanza la mzazi liwe hili: mwanangu ameshindwa na hesabu, au ameshindwa na lugha ya hesabu? Kulijibu hakuhitaji mtaalamu. Chukua swali moja alilokosa. Tuseme linasema, kwa Kiingereza, kwamba mchuuzi wa soko la Kongowea alikuwa na maembe 345, akauza 128 Jumatatu na 97 Jumanne, na mtoto anatakiwa kueleza yamebaki mangapi. Mtoto ameandika 570. Mwalimu ametia mkasi, basi.

Itazame hiyo 570 kwa makini. Ni 345 ukijumlisha 128, ukijumlisha 97. Mtoto hakubahatisha. Ameziona namba tatu, maneno yaliyozizunguka hayakumwambia kitu, akazijumlisha zote kwa usahihi kabisa. Sasa mwandikie namba tupu: 128 + 97, kisha 345 - 225. Akipata 225 na 120, kujumlisha na kutoa anakujua. Halafu msimulie kisa kile kile kwa Kiswahili, bila kitabu, kama habari ya sokoni. Akikujibu 120, umepata jawabu lako: hesabu iko, kilichomzuia ni Kiingereza. Asipopata hata kwa Kiswahili, shida ni ya Hisabati yenyewe, na tuisheni ya Kiingereza haitamfaa kitu.

Kuna maswali yanayotega kwa lugha yoyote, nayo yanafaa kupima kina cha uelewa wa mtoto. "Juma ana vitabu 15. Ana vitabu 6 zaidi ya Ali. Ali ana vingapi?" Wengi wakisikia "zaidi" wanajumlisha, wanapata 21. Jibu ni 9. Mtoto akikosa hili kwa Kiswahili, mpangie vijiti au vifuniko vya chupa kwa mistari miwili, wa Juma na wa Ali, mpaka aone kwamba aliye na vingi ni Juma. Akishaelewa hapo ndipo mrudi kwenye swali la Kiingereza. Kufanya kinyume, yaani kumkaririsha sentensi ya Kiingereza kwa kutarajia kwamba maana itakuja yenyewe, ndiko kunakozaa watoto wanaosoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kujua umesema nini. Usidanganyike na usomaji wa kuserereka. Mtoto akimaliza ukurasa, mwambie akueleze kwa Kiswahili. Kazi hiyo mzazi asiyejua neno la Kiingereza anaiweza, kwa sababu hekaya isiyo na kichwa wala miguu huijua kila mtu.

Saa nazo zina mtego wa kwetu peke yetu. Nyumbani mtoto anaambiwa shule inaanza saa mbili asubuhi. Darasani, kwa Kiingereza, wakati ule ule unaitwa "eight o'clock". Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapotua, Waingereza wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, kwa hiyo tofauti ni saa sita daima. Mtoto asiyeelezwa hili hujibu maswali ya saa kwa kutafsiri tu namba, akasema somo la asubuhi limefanyika mchana, na anaonekana mjinga. Shusha saa ya ukutani. Mwonyeshe mkono mfupi ukiwa kwenye 8, mwambie hapa Kiswahili kinasema saa mbili na Kiingereza kinasoma namba anayoiona. Fanya hivyo kwa mambo ya siku yake: kuamka, kengele ya shule, chakula cha mchana, magharibi.

Wazazi wengine, kwa nia njema, huamua kwamba kuanzia Gredi ya 4 nyumbani ni Kiingereza tu, hata kama chao wenyewe ni cha kuungaunga. Mimi siwaungi mkono. Mtaalamu wa lugha Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba Kiingereza cha mazungumzo mtoto anaweza kukipata katika muda wa miaka kama miwili, ilhali cha kusomea masomo humchukua miaka mitano hadi saba. Alieleza pia kwamba dhana iliyokwisha kueleweka katika lugha ya kwanza haifundishwi upya katika ya pili. Mtoto anaitafutia jina tu. Aliyeelewa kwa Kiswahili jinsi maji yanavyokuwa mvuke ana neno moja la kujifunza. Asiyeelewa ana mambo mawili, na yote kwa lugha ya kigeni. Kwa hiyo mazungumzo ya nyumbani yawe ya Kiswahili kirefu, chenye "kwa sababu" na "ingekuwaje kama". Zile shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili zinamfundisha kunyamaza, na mzazi ana haki ya kuliuliza hilo kwa mwalimu mkuu.

Katika mkutano ujao wa wazazi, usiulize mtoto amekuwa wa ngapi. Omba kila mwalimu wa Hisabati na wa Sayansi awape watoto, mwanzoni mwa kila mada, maneno kumi hivi ya Kiingereza yatakayotumika, waandike kila neno pamoja na maana yake ya Kiswahili na mchoro mdogo. Kisha uliza kama mtoto aliyekwama anaruhusiwa kueleza wazo lake kwa Kiswahili kwanza. Ukiambiwa haruhusiwi, omba aruhusiwe, angalau kwa muhula huu wa kwanza.