Namba 87 na saa ya chakula

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ndizo dakika ambazo wengi huzitumia kufuatilia vyeti na vitambulisho, na ndipo foleni inapowanasa: mchana wateja huongezeka huku makarani nao wakienda kula.

Chukua mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam. Saa 7:10 anapewa namba 87. Dirishani wako namba 52. Kati ya madirisha matatu, moja tu lina mtu.

Saa 7:45 anamtumia bosi ujumbe: “Shikamoo bosi. Bado niko kwenye foleni, nitachelewa. Muda huo nitaufidia jioni.” Ujumbe huo, uliotumwa kabla ya saa 8:00, una uzito kuliko maelezo marefu ya baadaye. “Foleni ilikuwa ndefu” kila bosi ameshaisikia.

Anarudi saa 8:40, anaonyesha kikaratasi cha namba chenye saa iliyochapishwa. Bosi anakitazama, anakirudisha.

“Haya. Kesho ukienda, omba ruhusa asubuhi.”

Jioni hiyo mhasibu anatoka saa 11:40.