Mzazi Anataka Kuona Nini Kabla ya Kulipia Tuisheni ya Mtandaoni

Walimu wengi wa tuisheni ya mtandaoni hujitangaza kwa picha ya matokeo yenye A na namba ya simu chini yake. Mzazi huitazama na kuipita. A hiyo haimwambii mtoto alianzia wapi, wala kama ni mwalimu huyo aliyemfikisha hapo.

Ushahidi wenye nguvu huanza na alama za kabla ya somo, na mahali pazuri pa kuzipata ni kwenye kipindi cha majaribio. Tuseme mwalimu wa hisabati anampokea mtoto wa darasa la sita. Siku moja kabla, anamtumia maswali matano ya kujumlisha sehemu. Mtoto anayafanya kwa mkono, mzazi anapiga picha na kuzirudisha kwa WhatsApp. Amepata mawili. Ukikagua kazi yake, kosa liko wazi: ½ + ⅓ ameandika ⅖, kwa kuwa anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili.

Kipindi cha dakika 40 kinatosha kurekebisha kosa hilo moja tu. Mwishoni mtoto anapewa maswali matano mengine, yenye namba mpya, naye anapata manne. Jioni hiyo mwalimu anamwandikia mzazi: kosa lilikuwa lipi, limerekebishwa kwa kiasi gani, na mada gani bado ni dhaifu. Ujumbe huo ndio unaouza mwezi wa kwanza.

Alama za papo hapo zina udhaifu wake, kwani mtoto huenda anakumbuka tu alichotoka kukisikia. Ndiyo maana jaribio hurudiwa baada ya wiki mbili. Akipata manne tena, hapo mwalimu ana kitu cha kuweka hadharani: kurasa mbili zenye mwandiko uleule na tarehe, jina na shule vikiwa vimefichwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Idhini si hiari. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kilichobaki ni kuhesabu. Wazazi wakijiandikisha kwa wingi halafu watoto wasitokee, kipindi kitozwe ada ndogo ambayo itakatwa kwenye malipo ya mwezi wa kwanza. Wakihudhuria lakini wasiendelee, mwalimu aisome upya ripoti yake: mara nyingi imemsifu mtoto bila kumwonyesha mzazi kazi iliyobaki, wala itachukua vipindi vingapi.