Mhuri Nao Hutafsiriwa

Kampuni ya usafirishaji ya Lubumbashi inataka kufungua tawi Dar es Salaam. Katiba yake ni ya Kifaransa, na sheria ya makampuni ya Tanzania inataka nakala iliyothibitishwa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa nayo, zifike kwa Msajili, BRELA, ndani ya siku 30 tangu tawi lifunguliwe.

Wengi hukimbilia kwa mtafsiri kwanza. Hapo ndipo mambo huharibika. Katiba ikishatafsiriwa ndipo inapopelekwa kwa mthibitishaji wa Kongo, naye anaongeza mhuri, namba na sahihi ambazo kwenye tafsiri hazimo. Karatasi mbili hazifanani tena, na ofisa makini atauliza. Kwa hiyo gonga mihuri yote kwanza, kisha tafsiri kila kitu, hata maandishi ya mkono pembezoni. Palipo na sahihi, mtafsiri huandika tu kwamba hapa pana sahihi.

Azimio la wanahisa la kufungua tawi lina mtego wake. Kampuni ndogo za Kongo, ambayo iko chini ya sheria za OHADA tangu 2012, huongozwa na "jeran". Tafsiri nyingi humwita meneja, kama vile ni mwajiriwa wa kawaida. Kumbe ndiye mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni kwa mkataba. Fomu ya Tanzania inaomba orodha ya wakurugenzi. Asipotajwa humo, mwakilishi aliyemteua ataonekana kateuliwa na asiyehusika.