Shilingi 20,000 za jedwali la kodi zimetoka wapi

Jedwali la kodi ya mshahara la Tanzania Bara, lile lililoanza kutumika Julai 2021, lina namba za aina mbili. Kuna asilimia: 0, 8, 20, 25 na 30. Halafu kuna shilingi zinazotangulia asilimia hizo: 20,000, kisha 68,000, kisha 128,000. Mstari wa tatu unasema kwamba mwenye kipato cha mwezi kinachozidi 520,000 lakini hakizidi 760,000 atalipa 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000. (Kipato hapa ni kile kinachobaki baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii.)

Kuhusu asilimia na mipaka watu wanaweza kubishana bungeni mpaka usiku. Kuhusu 20,000 hakuna cha kubishania. Mkishakubaliana asilimia na mipaka, namba hiyo imeshapatikana, na kinachoipata ni somo ambalo mwanafunzi wa kidato cha sita hukutana nalo kwenye hesabu za kuintegreti: namna ya kutafuta antiderivativu ya fanksheni iliyoundwa kwa vipande.

Tuite kipato x. Asilimia inayotozwa shilingi inayofuata, ukiwa tayari umefika x, tuiite f(x). Fanksheni hii ni ya vipande vitano: ni 0 mpaka 270,000, ni 0.08 mpaka 520,000, ni 0.20 mpaka 760,000, ni 0.25 mpaka 1,000,000, na kuendelea mbele ni 0.30. Ukichora grafu yake utapata mistari mitano iliyolala, kila mmoja juu zaidi ya uliotangulia. Kodi yenyewe, T(x), ni fanksheni nyingine, ile ambayo mteremko wake katika kila kipande ni hiyo f(x). Kutoka kwenye mteremko kurudi kwenye fanksheni yenyewe ndiko kutafuta antiderivativu.

Ndani ya kipande kimoja kazi ni nyepesi. Antiderivativu ya 0.08 ni 0.08x + C, na C ni konstanti yoyote ile, kwa sababu kuongeza namba isiyobadilika hakugusi mteremko. Vipande vitano vinaleta konstanti tano:

T(x) = C₁
T(x) = 0.08x + C₂
T(x) = 0.20x + C₃
T(x) = 0.25x + C₄
T(x) = 0.30x + C₅

Hapa ndipo wengi huandika C moja kwa vipande vyote, au huziacha zote ziwe sifuri, wakaamini wamemaliza. Tuone zikiwa sifuri nini kinatokea. Mwenye 270,000 halipi kitu. Mwenye 270,001 analipa asilimia 8 ya mshahara wote, yaani 21,600 na senti nane. Akifika 520,000 kodi yake ni 41,600, na shilingi moja baadaye inaruka kufika 104,000. Nyongeza ya shilingi moja imemla 62,400. Wafanyakazi wengi huamini kwamba PAYE hufanya hivyo hasa, ndiyo maana husikii ajabu mtu akisema anaogopa nyongeza itakayomvusha mpaka. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama konstanti zote zingekuwa sifuri. Sivyo zilivyo.

Kodi za aina hiyo zimewahi kuwapo kweli. Uingereza, mpaka mapema Desemba 2014, ilitoza ushuru wa stempu kwenye ununuzi wa nyumba kwa asilimia ya bei nzima. Nyumba ya pauni 250,000 ilitozwa asilimia 1, yaani pauni 2,500. Bei ikizidi hapo hata kwa pauni moja, asilimia 3 iliishika bei yote, na ushuru ukavuka 7,500. Haikushangaza kwamba mauzo yalirundikana kwenye 250,000 na chini kidogo ya hapo, huku juu yake pakiwa pakavu. Tarehe 4 Desemba 2014 utaratibu ukabadilishwa, kila asilimia ikawa inatozwa kwenye kipande chake tu cha bei. Kwa jicho la hisabati, walichofanya siku ile ni kuziweka konstanti mahali pake.

Turudi kwetu. Tunataka T isikatike popote: tukikaribia mpaka kutoka kushoto na tukiukaribia kutoka kulia, tufike kwenye kodi ileile. Sharti hilo huandikwa mara moja kwa kila kiungio. Tuanze na asiye na kipato, ambaye halipi kitu, hivyo C₁ = 0. Kwenye 270,000 kushoto kuna 0, na kulia kuna 0.08 × 270,000 + C₂, yaani 21,600 + C₂. Vilingane: C₂ = −21,600. Kwenye 520,000 kushoto kuna 41,600 − 21,600, yaani 20,000. Hiyo ndiyo 20,000 ya jedwali. Kulia kuna 104,000 + C₃, kwa hiyo C₃ = −84,000. Ukiendelea hivyo, C₄ ni −122,000 na C₅ ni −172,000.

Jedwali la serikali halionyeshi hizi namba hasi kwa sababu limeandikwa kwa mtindo mwingine: badala ya 0.20x − 84,000 linasema 20,000 + 0.20(x − 520,000). Fungua mabano uone ni kitu kimoja. Mwenye 900,000, kwa njia ya konstanti, analipa 225,000 − 122,000, yaani 103,000. Kwa njia ya jedwali analipa 68,000 na robo ya 140,000, na jibu ni 103,000 vilevile.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote mbili. Tazama C₂ ilivyogeuka kuwa C₃: imeshuka kwa 62,400, ambayo ndiyo ule mruko tuliouona konstanti zilipokuwa sifuri. Nayo ni 0.12 × 520,000, yaani badiliko la asilimia mara mahali lilipotokea. Ndivyo ilivyo kila mpaka wa aina hii. Kwenye 760,000 asilimia imepanda kwa 0.05, konstanti inashuka 38,000. Kwenye milioni moja inashuka 50,000. Njia hii inafika mbali. Katika sheria ya kodi ya mapato ya Ujerumani ya mwaka 2023, kifungu cha 32a, kodi ya vipato vikubwa iliandikwa 0.42x − 9,972.98, na kuanzia juu ya euro 277,825 ikawa 0.45x − 18,307.73. Toa konstanti moja kwenye nyingine upate 8,334.75. Sasa zidisha 0.03 kwa 277,825.

Konstanti zote zikifungwa hivyo, bado moja inabaki huru, nayo ni ya kwanza. Ukiipandisha C₁ kwa 5,000, nyingine zote hupanda kwa 5,000 na grafu nzima huinuka bila kukatika. Kisheria hiyo ingekuwa kodi ya kichwa, ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliijua vizuri enzi za ukoloni: unalipa hata kama huna kipato. Mwendelezo peke yake hauwezi kuikataa. Kinachoikataa ni sharti la ziada kwamba T(0) = 0.

Makosa ya hesabu hizi ni magumu kuyaona, kwa sababu uhakiki ambao mwalimu hufundisha, yaani kuchukua jibu na kutafuta derivativu yake ili kuona kama unarudi ulikotoka, hauyashiki. Derivativu hufuta konstanti. Jibu lenye konstanti mbovu hupita mtihani huo kama lile sahihi. Kinachoyafichua ni kuchukua kila mpaka na kuuweka kwenye fomula zote mbili zinazokutana hapo.

Chukua mabadiliko ya Julai 2021. Kabla yake kipande cha pili kilitozwa asilimia 9, na shilingi za mwanzo wa mistari iliyofuata zilikuwa 22,500, 70,500 na 130,500. Ilibadilika asilimia moja tu, lakini konstanti zote zilizo juu yake zilibidi zishuke kwa 2,500. Mhasibu akibadilisha 9 kuwa 8 kwenye jedwali lake la kompyuta na kuacha namba nyingine zilivyo, kila mwenye zaidi ya 520,000 atakatwa 2,500 zaidi kila mwezi. Akiweka 520,000 kwenye mistari yote miwili atapata 20,000 upande mmoja na 22,500 upande mwingine, na kosa limeonekana. Kwenye Excel anaweza hata kuikwepa hatari yenyewe, kama kipato kiko kwenye A2:

```
=0.08*MAX(0,A2-270000)+0.12*MAX(0,A2-520000)
 +0.05*MAX(0,A2-760000)+0.05*MAX(0,A2-1000000)
```

Kila kipande cha fomula hii ni sifuri mpaka kwenye mpaka wake, kisha kinaanza kupanda kutoka sifuri. Hakuna kinachoruka, kwa hiyo jumla nayo hairuki. Lakini kumbuka kwamba namba zinazozidishwa ni mabadiliko ya asilimia: ile 8 ikirudi kuwa 9, basi 0.12 nayo iwe 0.11.

Limebaki jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka. T yetu haikatiki, lakini ina kona kwenye kila mpaka. Kwenye 520,000 kamili mteremko wa kushoto ni 0.08 na wa kulia ni 0.20, hivyo derivativu haipo hapo. Mfaransa Gaston Darboux alionyesha mwaka 1875 kwamba derivativu haiwezi kuruka kutoka thamani moja hadi nyingine bila kupitia zilizo katikati. Kwa hiyo f ya ngazi kama yetu haina antiderivativu halisi kwenye mstari mzima, hata uchague konstanti gani. Tunachopata ni fanksheni isiyokatika yenye mteremko sahihi kila mahali isipokuwa kwenye viungio.

Kona hutoweka pale f yenyewe isiporuka. Wajerumani wanao mfano huo pia. Katika sheria ileile ya 2023, asilimia inapanda polepole kwenye vipato vya kati, kodi ikiwa mkunjo wa kipeo cha pili, mpaka inafika 42 kwenye euro 62,809. Hapo mkunjo unapokelewa na mstari wa 0.42x − 9,972.98 kwa mteremko uleule. Konstanti imefunga pengo la urefu. Ulinganifu wa mteremko umetoka kwa aliyechagua asilimia, na hakuna C ambayo ingeuleta.

Kona hizo za PAYE hazimdhuru mtu. Ukiuliza mwenye 520,000 kamili yuko kwenye asilimia 8 au 20, sheria inajibu 8, kwa kuwa mstari wa 20 unaanza kwa kinachozidi. Ingeandikwa kinyume chake, bado angelipa 20,000. Mnunuzi wa nyumba ya pauni 250,000 kule Uingereza kabla ya 2014 hakuwa na raha hiyo: kwake, sheria kusema "inayozidi" au "kuanzia" kulikuwa na thamani ya pauni 5,000.