Wiki Ambazo Gelai Ilitanuka

Katikati ya Julai 2007, matetemeko yalianza kufuatana karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilifikia kipimo cha 5.9 na kusikika hadi Nairobi. Kwenye miteremko ya mlima Gelai ardhi ilichanika nyufa.

Ganda gumu la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba, na chini yake kuna mwamba wa moto ambao haujayeyuka, lakini umelegea kiasi cha kuyaruhusu yasogee. Huku kwetu bamba la Nubia, lililo magharibi, na la Somalia, lililo mashariki, yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Mwamba ukivutwa hivyo hupungua unene, hukatika, na sehemu ya katikati hudidimia. Hilo ndilo Bonde la Ufa.

Sasa turudi Gelai. Wanasayansi walilinganisha picha za rada za setilaiti za kabla na baada, wakagundua kwamba magma ilipanda na kujipenyeza wima ndani ya mwamba, ikaupanua kwa takribani mita mbili bila kutokeza juu. Piga hesabu: kwa milimita nne kwa mwaka, mita mbili ni mvutano wa miaka 500. Kumbe mwamba hauchaniki kidogo kidogo kila siku. Mwamba huvumilia kwa karne kadhaa, kisha huachia kwa wiki chache, na kuachia huko huambatana na matetemeko. Septemba mwaka huohuo, Oldonyo Lengai, jirani wa Gelai, ulianza kulipuka kwa kishindo.

Lengai, Meru na Kilimanjaro ni milima iliyojengwa na magma ya namna hiyo. Ruwenzori si volkeno, ingawa wengi hudhani hivyo: ni pande la mwamba wa kale lililoinuliwa kando ya ufa hadi mita 5,109. Himalaya nayo ina chanzo kilicho kinyume kabisa. Kule bamba la India linaisukuma Asia, ardhi inakunjamana na kupanda, na ndiyo maana mawe ya karibu na kilele cha Everest yana masalia ya viumbe wa baharini.

Mabamba yanayosukumana huleta matetemeko makubwa kuliko yanayoachana, lakini tusijidanganye: lile la Rukwa la mwaka 1910 lilizidi 7. Vipimo vya setilaiti huonyesha ardhi inavutwa wapi na kwa kasi gani. Siku ya kuachia havisemi. Na ukubwa pekee hauamui madhara. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9, sawa na la Gelai. Gelai ni nyika yenye maboma machache. Bukoba ni mji, na kuta za matofali zisizo na nondo ziliwaangukia watu, zaidi ya kumi na watano wakafa.