Midomo Ikivimba Baada ya Uji wa Karanga

Mtoto wa mwaka mmoja anaonja uji wa karanga kwa mara ya kwanza. Dakika kumi baadaye mdomo wa juu umevimba, na shingoni yametokea mabaka mekundu yanayowasha. Huo ni mzio. Mwili umeichukulia protini ya karanga kama adui. Yai huweza kuleta hali hiyohiyo, kwa kawaida ndani ya saa mbili.

Mabaka na uvimbe wa midomo pekee, mtoto akiwa anacheza na kupumua vizuri, si hali ya kutisha. Acha kumlisha, mpeleke kituo cha afya, na usimpe tena karanga hadi daktari aseme.

Hatari ni pumzi na damu. Akikoroma au kupiga miluzi kifuani, sauti ikikauka, akitapika mfululizo, akipauka au kulegea, kimbilieni hospitali papo hapo. Njiani mlaze, akihema kwa shida, mpakate ameketi. Anahitaji sindano ya adrenalini pajani. Dawa ya mzio ya kunywa hupunguza muwasho tu, haifungui koo. Hata akipata nafuu, abaki hospitalini kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi.